Dole gumba la mama kwenye muhtasari wa ukoo

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na siku ya kuanua matanga baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo palepale uani, wanaume kwenye viti vya kukodi, mama na mashangazi kwenye mkeka. Kwetu Muleba kibanja kina migomba, kina buni, na makaburi ya mababu yapo humohumo, kwa hiyo uchungu wao wa kuona kinaenda nje ya ukoo naulewa mpaka leo. Ila walichoamua ni kwamba mama arudi kwao na sisi tubaki na baba mdogo. Mama akasema, "Shemeji, mimi sisaini," akanyanyuka.

Baadae jirani akaja mbio, ameona tangazo limebandikwa mahakama ya mwanzo, baba mdogo anaomba usimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao ameambatanisha. Mama akawahi kuweka pingamizi.

Siku ya kusikilizwa nilikuwepo. Hakimu akaushika ule muhtasari akamuita mama aangalie, jina lake lipo na pembeni kuna dole gumba la wino wa bluu. Mama kamaliza darasa la saba, barua za kanisani alikua anaandika yeye! Hakimu akampa kalamu aandike jina lake, akaandika, ukumbi wote kimya na baba mdogo anaangalia chini.

Basi usimamizi akapewa mama. Ndugu zangu, mahakama inaweza kumteua yeyote mwenye maslahi kwenye mirathi, ukoo kumpendekeza mtu haimaanishi wameshamteua, na watu wengi wanaachia hapo kwa kudhani bila baraka za wazee hakuna kesi.

Lakini ardhi ikagawanyika. Kipande cha juu baba na mama walikinunua wenyewe, karatasi ya mauziano ilikua na majina yao wote wawili na saini ya mwenyekiti wa kitongoji, hicho pamoja na nyumba vikabaki kwetu. Kibanja cha babu kikaenda kwa ukoo, maana ile Kanuni ya Urithi wa kimila kwenye Tangazo la Serikali, GN 436 ya 1963, inasema mjane hana fungu kama marehemu kaacha watu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Na hapohapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Hakuna aliyekitaja siku ile, sisi hatukua na wakili na wala hatukukijua. Nilikuja kukisoma nikiwa mtu mzima, nikakasirika upya.

Mwaka 2015 kamati ya CEDAW, ile ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, iliitaka Tanzania irekebishe hizo kanuni za urithi wa kimila, kwenye kesi ya wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani kwao. Buni alizopanda mama kwenye kibanja cha babu anavuna baba mdogo mpaka leo.