Msumari, mpira wa baiskeli na panga: nilivyopata namba za silaha za kampeni yetu

Kampeni yetu ya Jumamosi, yaani hadithi tunayoicheza mezani kwa dadu, inafuata msafara wa karne ya 19 unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Ugogo na Tabora. Tuko watano mezani hapa Arusha, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Kanuni za msingi tumezichukua kwenye Dungeons & Dragons, lakini jedwali la silaha lilinishinda mapema, maana nusu ya silaha zetu hazimo na baadhi ya zilizomo zina uzito wa ajabu. Toleo la 2014 limeandika kwamba ule mkuki mrefu wa askari wa miguu wa Ulaya una ratili 18, yaani kilo 8 na ushei. Ukibeba debe la maji lisilofika nusu ndiyo kilo 8 hizo, sasa fikiria kulinyanyua likiwa kwenye ncha ya mti wa mita tano. Wakati huohuo upanga mkubwa wa mikono miwili wameuandikia ratili 6, na hiyo ni sawa kabisa na panga za kweli. Sikuweza kujua niamini mstari upi.

Nikaamua kutengeneza jedwali langu, na kosa la kwanza nikalifanya palepale. Nilichukua mizani ya kupimia mabegi ya safari, nikapima panga la shambani (gramu 550) na rungu la Kimaasai (gramu 400), kisha nikatoa madhara kwa kufuata uzito. Panga likawa silaha kali, rungu likawa fimbo ya kuchungia mbuzi. Tukacheza hivyo wiki mbili. Mzee mlinzi wa kwa jirani, ambaye rungu lilikuwa lake, aliniuliza naendeleaje na "hesabu za vita". Nilipomweleza aliniwekea rungu mkononi akasema, "Shika huku chini, kijana. Lizungushe, halafu lisimamishe ghafla." Nikalizungusha. Kulisimamisha kulinivuta kifundo cha mkono kuliko panga, ingawa kwenye mizani ni jepesi zaidi.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sikipimi. Mkono hausumbuliwi sana na uzito wa silaha, unasumbuliwa na mahali uzito huo ulipokaa. Rungu limeweka sehemu kubwa ya uzito wake kwenye kichwa, mbali kabisa na vidole, wakati panga limeusambaza kwenye bapa zima. Kitu hicho kinapimika nyumbani, na hesabu yake ni ya pendulamu tuliyoisoma sekondari.

Nilichukua msumari mrefu, nikaulaza kukingama juu ya mpini wa panga pale katikati ya kiganja panapokaa, nikaufunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ncha mbili za msumari nikazilaza juu ya migongo ya viti viwili, panga likaning'inia katikati makali yakitazama mbele. Ukilisukuma kidogo linabembea. Kidogo maana yake ncha isisogee zaidi ya upana wa kiganja, kwa sababu mbembeo mkubwa unadanganya. Nilihesabu mibembeo 10, kwenda na kurudi ikiwa mmoja, kwa saa ya simu, nikagawa kwa 10, nikarudia mara tatu. Muda ukitofautiana sana kati ya mara na mara, ujue mpira umelegea na msumari unatambaa kwenye mpini. Kaza upya.

Kisha unalaza silaha juu ya kidole hadi itulie bila kuinama upande wowote, na unapima umbali kutoka hapo hadi kwenye msumari. Basi una kila kitu:

```
I = 0.25 × m × d × T²
```

m ni uzito kwa kilo, d ni umbali ule kwa mita, T ni sekunde za mbembeo mmoja. Hiyo 0.25 ni mvuto wa dunia uliogawanywa kwa mraba wa pai mbili. Jibu halisi ni 0.248, ila kwa mizani ya mabegi hakuna haja ya kubishana. I ndiyo ugumu wa kuizungusha silaha ukiwa umeishika pale.

Panga: kilo 0.55, mita 0.23, sekunde 1.20. Jibu ni karibu 0.045. Rungu: kilo 0.40, mita 0.32, sekunde 1.24. Jibu ni karibu 0.049. Kwa hiyo rungu ni jepesi kwa gramu 150 lakini mkononi ni zito kidogo kuliko panga, kama mzee alivyonionyesha bila saa wala msumari.

Mkuki ndio ulionipa kazi. Niliazima wa Kimaasai wenye vipande vitatu: bapa refu la chuma mbele, mti mfupi wa kushikia katikati, na chuma kingine kirefu chenye ncha nyuma. Urefu wake mita 1.8, uzito kilo 1.5. Kwenye jedwali la kwanza nilikuwa nimeuandikia sentimita 180 za kufika. Mzee akacheka. "Mkuki haushikwi mkiani. Unashikwa kwenye mti." Ukiushika kwenye mti, mbele ya mkono zinabaki sentimita 90 tu; zile nyingine ziko nyuma ya kiwiko chako zikisawazisha. Nilijaribu kuushika nyuma kabisa ili nifike mbali, na baada ya kuchoma mara kadhaa ncha ikaanza kuinamia magoti ya adui wangu, ambaye alikuwa gunia la makapi.

Kwa kuwa unasawazika palepale unaposhikwa, haubembei ukiufungia msumari hapo. D ni karibu sifuri. Inabidi kuutundika karibu na mkia, kupata I ya hapo, halafu kutoa m × d × d ili kurudi kwenye mti. Kwangu ilitoka 1.49 kutoa 1.08, yaani 0.4 hivi. Nasema hivi kwa makusudi. Unapotoa namba kubwa kwenye namba kubwa, kosa la sentimita moja au mbili kwenye d linavuruga jibu zima, kwa hiyo usiandike desimali tatu ukajidanganya.

Hata kwa kukadiria, 0.4 ni karibu mara tisa ya panga. Kama ningetumia I kwa kila silaha, mkuki ungekuwa kitu cha hovyo kuliko vyote mezani, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuelekezewa ncha ya mkuki angelikataa. Jibu ni kwamba mkuki hauzungushwi. Unasukumwa mbele na kuvutwa nyuma kwenye mstari wake, na katika mwendo huo I haina kazi, kinachobaki ni uzito. Kwa hiyo ugumu wa silaha nikaugawa kufuata kitendo: kukata na kupiga hufuata I, kuchoma hufuata kilo. Anayetaka kuutumia mkuki kama fimbo anaruhusiwa, ila alipe bei ya 0.4.

Toleo la kwanza la kanuni hizi lilikuwa na namba saba kwa kila silaha. Pigano moja lilitumaliza dakika arobaini, na mchezaji mmoja akaenda kupika chai katikati ya zamu yake. Nikabaki na namba tatu.

Ufiko ni sentimita zinazotumika kweli mbele ya mkono, kila 25 ikiwa pointi moja, na jibu nalikaribisha kwenye namba nzima. Kwa panga naondoa sentimita kumi hivi za ncha, kwa sababu pigo zuri halitui mwishoni kabisa. Panga linapata 2, rungu 2, mkuki 4. Mzigo ni I iliyogawanywa kwa 0.05, au kwa silaha ya kuchoma pointi moja kwa kila gramu 750: panga 1, rungu 1, mkuki 2. Ukishambulia ukakosa, Mzigo unatolewa kwenye kinga yako hadi zamu yako ijayo. Silaha ya mikono miwili nagawa I kwa 2 kwanza, na hapo nakiri nilikisia. Pigo ndiyo dadu ya madhara, na sikuitofautisha sana: panga na mkuki pande 8, rungu pande 6, ila rungu likitoa 6 aliyepigwa anapoteza zamu kwa kizunguzungu. Kwa mtu asiye na ngao wala vazi la vita, yoyote kati ya hizo inatosha kumaliza safari.

Kanuni inayobeba yote ni ya kukaribiana. Mwenye Ufiko mkubwa anashambulia kwanza, na tofauti ya Ufiko anaongeza kwenye dadu yake. Akikosa, mwenzake ameshaingia ndani ya ncha, na tofauti ileile inageuka kuwa hasara kwenye kinga yake mpaka arudi nyuma hatua moja au aachie mkuki na kuchomoa sime.

Jaribio la kwanza lilikuwa njiani Ugogo. Mchezaji wetu mmoja, mlinzi wa msafara mwenye mkuki, alikutana na mnyang'anyi mwenye panga. Tofauti ya Ufiko ni 2. Alihitaji 12, dadu ya pande 20 ikatoa 9, na 2 ikawa 11. Amekosa. Sasa kinga yake inapungua 2 kwa kuingiliwa na 2 nyingine kwa Mzigo, jumla 4, na panga likampata begani. Alilalamika sana. "Kaka, mkuki wako huu ni mtego." Nikamwambia atazame tena: kama dadu ingetoa 10, mnyang'anyi angelala chini kabla hajafika. Katika pigano lililofuata alisimama bega kwa bega na mpagazi mwenye mkuki mwingine. Aliyeukwepa wa kwanza alikutana na wa pili, na hakuna panga lililofika.

Shoka bado halijakaa vizuri. Nililonalo ni la kuchanja kuni, na shoka la kazi huwa na kichwa kinene kuliko la vita, kwa hiyo namba zake ni za kuni. Kwa silaha nisizoweza kuzishika natumia uzito na vipimo ambavyo makumbusho huandika kwenye katalogi zao. I ninaikadiria kwa kulinganisha na kitu cha nyumbani kinachofanana umbo.

Kilichobadilika zaidi ni wachezaji. Wiki iliyopita msafara ulifika kwenye tembe, zile nyumba za Ugogo zenye paa tambarare la udongo na mlango wa kuinamia, na ndani kulisikika mtu. Yule mwenye mkuki hakuuliza kuna maadui wangapi. Aliuliza dari ina urefu gani, nikamjibu, akauegemeza mkuki ukutani nje, akaingia na rungu.