Siku moja maishani mwangu: mzee wa baraza na mstari wa sita wa minazi

Saa 11 alfajiri niko macho. Swala, chai ya rangi na kiporo cha muhogo, kisha nikapalilia kidogo nyuma ya nyumba kabla jua halijawa kali. Kufika saa 2 nimevaa kanzu, fimbo mkononi, naelekea ofisi ya kijiji.

Mimi ni mwenyekiti wa Baraza la Ardhi la Kijiji, huku kwetu Muheza upande wa kuelekea Pangani. Wanangu walioko mjini wanadhani tunalipwa. Hatulipwi. Tuko saba, na kati yetu wanawake watatu, kama sheria inavyotaka. Hatuhukumu mtu. Kazi yetu ni kusuluhisha, na anayekataa suluhu ana njia yake ya kwenda kata, kisha wilayani. Watu hawapendi kusikia hilo. Wanakuja wakitaka tupige mtu faini, sisi tunawaambia wakae waongee.

Kikao kilikuwa saa 3. Ili kiwe halali tunatakiwa tuwe wanne, wawili wao wanawake. Wanaume tulikuwa watatu na mwanamke mmoja. Wa pili alikuwa amempeleka mjukuu zahanati. Tukakaa chini ya mwembe mpaka saa 4 na nusu alipofika, bibi mlalamikaji akitufokea muda wote kana kwamba sisi ndio tuliompa mtoto homa.

Bibi huyo ni mjane. Madai yake yalikuwa mafupi: jirani yake wa mashariki amepandisha mkwezi kwenye mstari wake wa minazi na kuangua nazi zote, mpaka vidaka.

Jirani ni mwalimu mstaafu. Shamba alilinunua mwaka 2011, akaliacha chini ya mlinzi akaendelea kufundisha mbali, amerudi mwaka huu. Jamani, mwalimu anajua kuongea! Alisimama akatusomea karatasi ya mauziano tangu tarehe mpaka mashahidi, akarudi juu, akasoma tena. Nikimwambia, "Mwalimu, tumekuelewa," ananijibu, "Mzee wangu, naomba nimalizie aya hii." Lakini katika kurudia kwake mara ya tatu ndipo nilipolisikia neno lenyewe. Karatasi haikusema hatua ngapi. Ilisema "minazi mistari sita, kutoka mkonge wa mashariki hadi mkonge wa magharibi."

"Na leo ukihesabu una mistari mingapi?" nikamuuliza.

"Mitano. Wa sita anao huyu bibi. Kausogeza mkonge akaumeza."

Bibi akavua kiatu. Tukamzuia.

Maneno ya ofisini hayamalizi mpaka. Lazima muende mkasimame pale penyewe. Saa 6 juu ya utosi tukatoka, mimi na wajumbe wanne, wadaawa wawili na watoto wasiohesabika.

Tukaanza upande wa bibi. Mkonge ukikaa miaka mingi hausimami peke yake. Unatambaza mizizi minene chini kwa chini na kutoa watoto, mpaka mstari unakuwa vichaka, hapa mmoja mkubwa, pale sita wadogo wamesongamana, na mingine imekwisha kutoa mlingoti wake na kufa. Mstari wa bibi ulikuwa hivyo hivyo, umechakaa na kupindapinda. Nikachimba kwa jembe mahali pawili. Udongo mgumu, mizizi imefungamana. Mkonge ule haujahama tangu baba zetu.

Bibi akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda. Mwalimu akafungua karatasi tena.

"Subiri," nikasema. "Tuhesabu minazi."

Mnazi ndio shahidi wangu ninayemwamini. Mkonge mtu atauhamisha usiku mmoja akiwa na sururu. Mnazi wa miaka arobaini hauhamishiki. Tukahesabu kutoka mkonge wa bibi kuelekea mashariki, mmoja, wa pili, mpaka wa tano. Tukakuta mkonge wa mashariki. Kweli mitano. Ng'ambo yake kulikuwa na mstari mwingine wa minazi, umri ule ule, urefu ule ule, hatua zangu tisa kutoka ule wa tano, kama mistari mingine yote ilivyoachana.

Mkonge wenyewe ulikuwa umenyooka mno. Miche yote ya kimo kimoja, kama iliyopandwa kwa kamba. Hakuna mtoto hata mmoja pembeni. Nikagusa mmoja kwa fimbo, ukatikisika.

Nadhani wenzangu waliona kabla yangu, maana ghafla kila mtu alikuwa kimya, hata mwalimu. Shamba la mashariki ni letu. Ni la baba yetu, na anayelilima ni mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi tangu akiwa na miaka minane.

Nikavuka. Baada ya mstari wa sita kulikuwa na mihogo yake, imepaliliwa safi. Na katikati ya mihogo, vikichungulia kwenye udongo uliolimwa, vijikonge vya urefu wa kiganja. Kimoja hapa, viwili kule, mstari mzima mpaka kwenye korongo. Alikuwa anavikata kwa jembe na vinachipua tena. Nikapiga goti, nikafukua kimoja kwa vidole. Mzizi mweupe, mnene kama kidole gumba, ukanipeleka mpaka kwenye kisiki cha mkonge kilichooza, kimekatwa kwa panga na kufukiwa.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Magoti yalikuwa yanauma na kanzu imejaa udongo. Nikawaambia wajumbe kwamba kuanzia hapo mimi si mwenyekiti wa shauri hili, ni shahidi, na nikamkabidhi daftari mama mjumbe mkubwa kiumri. Akalipokea bila neno. Bibi, niliyetegemea atanisema, alinipa maji yake ninywe.

Jioni nikamfuata kijana kwake. Akaja mbio, "Shikamoo baba mdogo," akaleta kigoda. Sikukaa.

Hakukana. Alisema wapimaji wa hati za kimila wanakuja, na siku hiyo majirani husimama mpakani wakakubaliana, kisha kinachoandikwa ndicho hicho. Mwalimu hakuwepo miaka yote, akadhani hatajua. Alisema mvua mbili zimepita tangu auhamishe.

"Kwani mimi sikuwepo?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Wewe macho yako yako barazani, baba."

Nikamweleza kwamba kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu ni jinai, na mwalimu akitaka kwenda polisi baraza haliwezi kumzuia. Atakuja kesho saa 3, atasema mwenyewe mbele ya wote, atang'oa ile miche kwa mkono wake na kuviacha vile vijikonge vikue. Mwalimu naye ana nazi za bibi za kurudisha. Mama mjumbe ataandika, nao watie dole gumba au saini wakikubaliana. Wasipokubaliana, ni kata.

Nikarudi nyumbani giza limeingia. Mke wangu akatenga wali wa nazi na samaki. Nikachota tonge, nikalisimamisha njiani.

"Nazi hizi umezitoa wapi?"

"Si zile alizoleta mwanao wiki iliyopita, gunia zima."

"Zimebaki ngapi?"

Akaenda kuhesabu kwa tochi. Thelathini na moja. Nikamwambia afunge mdomo wa gunia, asivunje nyingine, asubuhi litakwenda na bodaboda barazani.

Wali niliula. Ulikuwa umeshaungwa.