Nota Moja Mara Kumi na Moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii linatoka 2 Mambo ya Nyakati 5:12-14. Hekalu linawekwa wakfu. Waimbaji wamesimama upande wa mashariki wa madhabahu, pamoja nao makuhani 120 wenye tarumbeta, na Maandiko yanasema walikuwa kama mtu mmoja, wakasikiwa kwa sauti moja. Ndipo nyumba ikajaa wingu. Nimeusoma mstari huu mara nyingi bila kujiuliza watu wengi kiasi hicho walifikaje kwenye sauti moja. Mwaka huu nimeanza kuelewa, na aliyenifungua macho ni mwalimu wetu wa kwaya, kwa hotuba aliyoitoa tulipomaliza tamasha la kufunga mwaka.

Hakuanza na wageni wala na waimbaji waliotoa sauti za pekee. Alisema, "Kushukuru kwa jumla ni rahisi, kwa hiyo mimi nitashukuru kwa nota moja." Kisha akatugeukia sisi wa sauti ya pili, akatuomba tuimbe mstari wa kwanza wa wimbo tuliokuwa tumetoka kuuimba, tukiwa peke yetu. Tukaimba. Ukumbi ukasikia so, so, so, so, nota ileile mara kumi na moja, na mwishoni fa moja inayorudi kwenye so. Watu walitazamana. Ukiitoa sauti yetu na kuisimamisha peke yake, huwezi hata kujua ni wimbo gani.

Acha nieleze habari ya wimbo huo. Tunauimba katika G, na ubeti wa tatu tunauimba bila kinanda. Mwanzoni mwa mwaka, kila tulipofika ubeti wa nne na kinanda kikarudi, kulikuwa na mgongano uliokera masikio: kinanda kiko G, sisi tumeshatelemka karibu kufika F. Tumeshuka sauti moja nzima ndani ya ubeti mmoja. Na wakati tunaiimba hakuna aliyesikia kasoro yoyote. Kwetu wote ilikuwa tamu.

Mwalimu alitafuta chanzo kwa subira. Aliita kila sauti iimbe ubeti huo peke yake, akabonyeza kinanda mwishoni kupima. Sauti ya kwanza walirudi karibu pale walipoanzia. Sauti ya tatu walirudi. Besi walirudi. Sisi alto tulikuwa tumeshuka. Nota inayorudiwarudiwa ina hila yake: mwimbaji anaona ameshaipata, anapunguza msukumo wa pumzi, na kila so inakaa chini ya ile iliyotangulia kwa kiasi kidogo mno kisichosikika. Zikifika kumi na moja, ule udogo umekuwa mkubwa. Na wenzetu, kwa kuwa wana masikio mazuri, walikuwa wanatufuata chini ili sauti zikubaliane. Ndiyo maana hatukusikia kosa. Tulikuwa tumekosea kwa kupatana.

Hapo nilisimama na nafsi yangu kwa muda mrefu. Nimewahi kukaa katika kundi la waumini wapendanao, tukashuka wote pamoja, kidogo kidogo, kila mmoja akimsikiliza jirani yake na kuona mambo yako sawa. Ukikubaliana na mwenzako peke yake huwezi kujua umeshuka. Lazima kuwe na kitu kisichoshuka cha kujipimia. Kwaya ina kinanda. Sisi tuna Neno.

Dawa yake haikuwa ya siku moja. Kwa wiki nyingi mazoezi yalianza hivi: besi wanashika do kwa kufumba midomo, nasi tunaweka so yetu juu yake, polepole, bila maneno. So ikiwa chini kidogo tu, unasikia sauti mbili zikitikisika, kama zinasuguana. Ikikaa mahali pake, mtikisiko unatulia, na unaweza kudhani besi wameongezeka. Mwalimu alikuwa anasema, "Usiiimbe so uliyoimba. Imba mpya." Yaani kila mara uiendee kana kwamba unapanda kidato, na pumzi iwe imejaa nyuma yake. Tukajifunza pia kupokezana pumzi: ninapovuta mimi, dada aliye kulia kwangu anaendelea, na anapovuta yeye mimi nipo, ili nota isikatike wala isilegee.

Kulikuwa na jambo la irabu pia. Katika neno "neema", wengine tulikuwa tunaibana "e" kwa kutanua midomo kana kwamba tunatabasamu, wengine tunaifungua. Nota ilikuwa moja, lakini kwa msikilizaji zilikuwa mbili. Jioni moja mwalimu alitupanga wawili wawili, tukitazamana midomo, tukaimba "neema" hiyo tu kwa karibu nusu saa. Niliyetazamana naye ni mama ambaye tulikuwa hatujasemezana vizuri kwa miezi kadhaa. Siwezi kuueleza ugumu wa kuitafuta "e" moja na mtu unayemkwepa macho. Tuliipata kabla ya mazoezi kuisha, na tulipotoka tulitembea pamoja hadi njia panda.

Si kwamba sasa hatushuki kamwe. Tukiwa tumechoka, au ukumbi ukiwa na joto na hewa nzito, bado tunatelemka. Mara mbili mwalimu alilazimika kuupandisha wimbo nusu sauti ili tuamke, na ajabu ni kwamba ukiwa juu kidogo ulitulia kuliko mahali ulipoandikiwa.

Turudi kwenye hotuba. Baada ya sisi kuimba ile so yetu, mwalimu aliwaongeza besi. Kisha sauti ya tatu. Mwisho akawapungia sauti ya kwanza waingie, na wimbo ambao watu waliujua ukatokea wote mzima mbele yao. Mama mmoja mstari wa mbele alishika mdomo. Mwalimu akasubiri tumalize, akasema: "Mliowasikia kwanza ndio waliobeba ubeti wa tatu leo. Kinanda kiliporudi sikusikia mgongano. Nimeungoja ubeti huo tangu mwaka uanze. Ndugu zangu, asanteni kwa kuimba nota ambayo hakuna atakayeondoka akiiimba njiani."

Nililia, nakiri. Kisha nikakumbuka 1 Mambo ya Nyakati 25, ile orodha ndefu ambayo wengi tunairuka. Waimbaji waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288, wakapigiwa kura zamu zao, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Makundi 24, kila moja watu 12. Ile sauti moja ya siku ya hekalu haikushuka ghafla pamoja na wingu. Nyuma yake kulikuwa na watu waliofundishwa kizazi kilichotangulia, zamu kwa zamu, na bila shaka wapo waliopewa sehemu ambazo peke yake hazikuwa wimbo.

Bwana, wakumbuke wale wanaoshika nota za katikati: anayefagia kabla hatujafika, anayemwombea mgonjwa ambaye hatamjua aliyemwombea, anayerudia wema uleule kwa mtu yuleyule. Wape pumzi mpya kwa kila nota. Amina.

Jumatano tumegawiwa wimbo wa kwanza wa mwaka ujao. Nimeuangalia upande wetu: mistari miwili yote ni la. Yule mama niliyeimba naye "neema" alinionyesha kwa kidole, akahesabu kimya kimya hadi kumi na nne, kisha akavuta pumzi.