Siku moja na abiria asiyekuwepo

Saa 12 asubuhi nipo kwenye daladala kutoka Buhongwa, saa 2 nipo mezani. Nyumbani wanajua tu kwamba "nashika kompyuta". Kampuni yetu inauza tiketi za mabasi mtandaoni, nami nimeandika skripti inayojifanya abiria. Kila baada ya dakika 5 inafungua tovuti ileile ya wateja, inatafuta basi la Mwanza kwenda Bukoba, inachagua kiti, inalipa kwa akaunti ya majaribio, inapokea tiketi na kuifuta. Seva inaweza kuwa hai huku malipo yamekwama, na abiria wangu ndiye anayeligundua hilo kwanza.

Saa 3 nasoma ripoti ya usiku. Shwari.

Saa 4 kamili, wenzangu wakiwa na habari, naizima skripti makusudi. Kengele ambayo haijawahi kujaribiwa siiamini. Nasubiri simu ilie. Dakika 10, kimya. Dakika 20, kimya. Saa 4:40 skrini bado inaonyesha kijani, na mwili umeniishia nguvu, maana ingekuwa hitilafu ya kweli usiku tungelala nayo mpaka asubuhi.

Nimehangaika nayo mpaka saa 7, sikula. Skripti hutuma jibu kwenye Pushgateway, programu inayopokea namba na kuzitunza: 1 ikifaulu, 0 ikishindwa, na kengele yetu ilikuwa inasubiri 0. Lakini Pushgateway hushikilia thamani ya mwisho iliyopokea hadi itumiwe nyingine au ifutwe. Skripti ilikufa ikiwa imeacha 1, basi Prometheus, programu inayosoma namba hizo na kupima masharti ya kengele, ikaendelea kuisoma 1 ileile. Aliyekufa hawezi kutuma 0.

Nikabadili. Sasa skripti inatuma saa ya mara ya mwisho ilipofaulu, na kengele inapima muda uliopita:

```
time() - abiria_alifaulu_mwisho > 900
```

Sekunde 900 ni safari tatu mfululizo. Ikishindwa au ikifa, saa ile haisogei, kwa hiyo sharti moja linakamata yote mawili.

Naiua tena. Kabla kengele haijalia, anapiga dada wa dirishani, stendi ya Nyegezi: "Kaka, huyu Abiria Majaribio ni nani? Kiti namba 14 hakiuziki, mama wa watu amesimama hapa na mtoto mgongoni!" Nimeiua katikati, kabla haijafuta tiketi yake. Namwomba radhi na kukifungua kiti kwa mkono. Baadaye tumekubaliana na wenzangu kwamba seva yenyewe iachie kiti cha huyu abiria baada ya dakika 10.

Dakika ya 16 tangu skripti ilipofaulu mara ya mwisho, simu ikalia. Nilisimama.

Ikabaki Pushgateway yenyewe. Ikizimika, namba inatoweka na lile sharti halina cha kupima, kwa hiyo nimeongeza kengele ya pili:

```
absent(abiria_alifaulu_mwisho)
```

Nikaizima Pushgateway, ikalia nayo. Sijui ilikuwa saa ngapi. Nje taa za mabarabarani zilishawaka. Nimewasha kila kitu, nikasubiri abiria wangu akate tiketi moja ya Bukoba na kuifuta, kiti kikaachiwa, ndipo nikafunga kompyuta.