Miaka Saba ya Pili

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 29, ila tusiishie hapo.

Mpwa wangu hushika taa kwenye upigaji wa video za nyimbo. Juzi alikuja kunisalimia akiwa hoi. Wimbo wenyewe ni wa dakika tatu na nusu, lakini walishinda nao tangu alfajiri. Jumba la ufukweni la kukodi, gari la kukodi, na gauni la binti lazima lirudi dukani bila doa. Kule kukumbatiana kwa machozi walikurudia mara kumi na moja kwa sababu upepo ulikuwa unavuruga nywele. Nami nimezoea kuimba nyimbo za aina hiyo jikoni, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole.

Shida haiko kwenye maua ya kukodi. Iko pale wanapokata. Tamthilia itatupa vipindi sitini vya kutafutana, wazazi wakikataa, mtu akipoteza kumbukumbu (hilo halikosekani!), kisha harusi, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Ukizitazama miaka kumi utajua yote ya uchumba, na ya Jumatano ndani ya ndoa hutayajua.

Habari ya Yakobo na Raheli wangeikata mstari wa 20: alitumika miaka saba, nayo ikawa machoni pake kama siku chache tu. Biblia haikati. Labani, baba wa Raheli, anamwingizia Yakobo Lea gizani, dada mkubwa wa Raheli. Baada ya juma moja Yakobo anapewa Raheli, kwa sharti la kutumika miaka saba mingine. Miaka hii ya pili, mstari wa 30 unaitaja tu. Hatuambiwi tena kwamba ilikuwa kama siku chache, na sasa alikuwa anaishi na yule yule ambaye Yakobo alilia alipomwona kisimani. Sura ya 30 inafunguka kwa ugomvi: Raheli hana mtoto, anamtaka Yakobo ampe wana la sivyo atakufa, na Yakobo anawaka hasira. Je, yeye ni badala ya Mungu?

Katika mafunzo ya ndoa, binti mmoja alinilalamikia kwamba mchumba wake hamtumii ujumbe mtamu wa asubuhi. Nikamuuliza, asubuhi huwa wapi? Saa kumi yuko stendi anaosha daladala. Na jioni? "Hupita nyumbani kumletea mama maji, bomba letu limekauka." Alilisema kama jambo la pembeni.

Someni pia Mwanzo 48:7. Yakobo ni mzee, yuko kitandani Misri, anazungumza na Yusufu habari za urithi wa wajukuu. Katikati ya maneno hayo anachepuka: Raheli alinifia njiani, ulipobaki mwendo kidogo kufika Efrathi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.