Kiwanda cha dagaa, kwa sasa ni kilo 10

Nimerudi Mwanza baada ya miaka ya kazi Maskati, na kichwani nilikuja na kiwanda kizima: mashine ya kukaushia, gari la mizigo, pakiti zenye nembo zinazouzwa Dar es Salaam hadi ng'ambo. Dagaa wa Ziwa Victoria, wasafi, wasio na mchanga. Kule tulikokuwa, mtu akiletewa dagaa wa nyumbani anafurahi, kisha anatafuna kwa tahadhari. Ndoto hiyo bado ninayo. Ila wiki hii nimeanza na kilo 10.

Aliyenielekeza ni shangazi yangu, mfanyabiashara wa siku nyingi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Nilipomwonyesha hesabu za mashine aliniuliza, "Mwanangu, nani ameshakulipa?" Kiwanda chote kilisimama juu ya swali moja: je, wapo watu wa kulipa zaidi ili wapate dagaa safi? Mashine hailijibu swali hilo. Kilo chache zinalijibu.

Kwa hiyo nilianza na wateja kabla ya bidhaa. Niliwaandikia jamaa, walimu ninaowafahamu na majirani wa Nyegezi: pakiti ya gramu 200, wamechambuliwa vichwa, shilingi 3,500, lipa kwa simu nikununulie. Wengi walisifu wazo. Hao sikuwahesabu. Niliwahesabu waliotuma pesa, na walipofika idadi ya kutosha ndipo nikaenda kununua.

Mwaloni shangazi alinifundisha kuchagua. Dagaa walioanikwa juu ya kichanja ni ghali kuliko wa chini, lakini mchanga wao ni mdogo. Wawe na rangi ya fedha inayong'aa. Wakigeuka njano au kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha, ama wamekaa sana au mvua iliwakuta hawajakauka. Ukimkunja mmoja anatakiwa avunjike, siyo ajipinde. Ili kupima mchanga, tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, kisha angalia kilichotuama chini.

Nilinunua kilo 10 kwa shilingi 8,000 kila moja, yaani 80,000. Tukachekecha vumbi, tukatoa vichwa na matumbo kwa mkono, tukawapasha kidogo kwenye kikaango kikavu. Zilibaki kilo 7. Hapo ndipo wengi hukosea bei, kwa sababu kilo ya dagaa safi sasa imenigharimu zaidi ya 11,400, siyo 8,000. Kilo 7 zilitoa pakiti 35, sawa na mauzo ya 122,500. Toa 80,000 za dagaa, 7,000 za vifungashio na 5,000 za usafiri na mkaa, inabaki 30,500.

Lakini kuchambua kulitumaliza siku nzima, watu watatu. Ningewalipa hao wawili walionisaidia 10,000 kila mmoja, ningebaki na 10,500, na mimi mwenyewe sijajilipa. Hili ndilo jambo kubwa nililolipata. Mashine ya kukaushia niliyokuwa naiwekea akiba ingeharakisha kazi ambayo wavuvi na wanawake wa vichanjani wanaifanya tayari kwa jua. Kinachokwamisha ni mikono ya kuchambua. Shilingi ya kwanza itakayopatikana itaenda kwenye meza ndefu, machekeche mazuri na ujira wa haki.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla hujampa mteja chochote. Funga pakiti moja, iache sehemu yenye joto hadi kesho yake. Ukiona matone ya maji upande wa ndani, dagaa hawajakauka vya kutosha na wataota ukungu. Warudishe juani, kisha waache wapoe kabisa kabla ya kufunga tena.

Matokeo ya wiki moja yana mipaka yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawavutwi na taa, mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Mimi nilinunua katika siku za giza, mbalamwezi haipo. Kwa bei ya mbalamwezi, zile 10,500 zinaweza kuisha zote, kwa hiyo lazima nijaribu pia wakati huo kabla ya kupanga bei ya kudumu. Tena hizi ni pakiti za watu wanaonijua. Kuziweka dukani zikiwa na nembo kunahitaji kwanza kusajili eneo la kazi na bidhaa TBS, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, hapa Mwanza ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Sasa ninaangalia kitu kimoja tu: nani ataagiza tena bila kukumbushwa. Mwalimu mmoja ameshatuma pesa ya pakiti tatu, na anataka moja iwe na vichwa, kwa ajili ya mama yake.