Hundi ya Novemba kwenye usuluhisho wa Juni

Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, unaweza kukubaliana hadi senti ya mwisho, na bado meneja wa fedha asijue anaidhinisha nini. Mstari unaosema tu "hundi ambazo hazijawasilishwa, sh. 3,915,000" unanikera, kwa sababu ndani yake hujificha mambo ya aina tofauti kabisa.

Nachukua mfano wa Juni 2024. Taarifa ya benki inaonyesha 18,460,000, daftari la fedha 15,831,000. Tarehe 30 iliangukia Jumapili, kwa hiyo mauzo ya Jumamosi, 1,250,000, yaliingia benki Jumatatu tarehe 1 Julai. Hiyo ni tofauti ya muda tu. Maelezo yake ni mafupi: tarehe ya stakabadhi, tarehe ya kuingia benki, na nakala ya hati ya kuweka fedha. Makato ya benki ya 36,000 hayasubiri kitu, yanaingizwa daftarini mara moja.

Kazi iko kwenye hundi. Ziko tatu: 2,400,000 ya tarehe 26 Juni, 875,000 ya tarehe 27 Juni, na 640,000 ya tarehe 14 Novemba 2023. Kwa kila moja naandika namba, mlipwaji na tarehe iliyopita benki, nikisoma taarifa ya Julai. Mbili za kwanza zilipita tarehe 2 na 3. Hapo hakuna swali.

Ya Novemba imepita miezi 6, na benki zetu haziilipi tena. Kuendelea kuiita tofauti ya muda ni kumdanganya msomaji: fedha hazitatoka kwa hundi hiyo, ila deni bado lipo. Mpigie mlipwaji, huenda hundi ilipotea au hakuipokea kabisa. Kisha debiti benki, krediti akaunti ya mdai huyo. Usiipeleke kwenye mapato, maana bado anatudai.

Sasa pande zote mbili zinakutana:

Benki: 18,460,000 + 1,250,000 − 3,275,000 = 16,435,000
Daftari: 15,831,000 − 36,000 + 640,000 = 16,435,000

Angalia kwamba hata bila kuigusa hundi ya Novemba pande zingelingana, kwenye 15,795,000. Kulingana peke yake hakukamati kosa hili. Salio lingepungua kwa 640,000, na wadai pia.

Kuna dalili nyingine ninayoitafuta: hundi zenye namba zinazofuatana, zote za tarehe 28 Juni, lakini zote zimepita benki katikati ya Julai. Mara nyingi ziliandikwa ili deni lionekane limelipwa, zikabaki kwenye kasha. Uliza daftari la kukabidhi hundi: kama mlipwaji alisaini Julai, basi hadi tarehe 30 Juni malipo hayakuwa yamefanyika, na hundi hizo zinarudishwa kwenye salio na kwenye wadai vilevile.